Jino limeliwa na nini? Namna ya kutofautisha asidi ya vinywaji, kusagana kwa meno na mkwaruzo wa mswaki

Hapa Arusha jino likibadilika, mshitakiwa wa kwanza huwa maji. Si bila sababu. Chemchemi na mito mingi inayoshuka Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano yenye floridi nyingi, na aliyekulia Usa River, Ngurdoto au Maji ya Chai hahitaji kusimuliwa habari za meno ya kahawia. Lakini mazoea ya kuyalaumu maji kwa kila kitu yanaficha tatizo jingine ninaloliona kwa watu wazima, hasa wanaofanya kazi barabarani: meno yanayoyeyushwa taratibu na vinywaji vyenye asidi.

Nitaeleza hatua tunazofuata klinikini kwa kumfuata mgonjwa mmoja, ambaye nitamwita Baba Neema. Ana miaka 36, amekulia Usa River, na kazi yake ni kuendesha watalii kwenda Ngorongoro na Serengeti. Aliingia, akaketi, akasema, "Shikamoo Dokta. Maji ya kwetu yamenimaliza."

"Marahaba. Fungua mdomo tuyaone."

Meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yamefupika na ncha zake zinapitisha mwanga kama kucha. Maji ya baridi yalimtia ganzi. Jirani yake alikuwa amemshauri asugue kwa ndimu na mkaa ili atoe weusi uliobaki. Namshukuru Mungu kwamba alikuja kabla hajaanza.

Kwanza, majina

Jino lisilooza linaweza kupungua kwa njia tatu. Mmomonyoko ni asidi kuyeyusha jino bila bakteria kuhusika. Kusagana ni jino kulika kwa kugusana na jino mwenzake. Mkwaruzo ni kitu cha nje kulikwangua jino: mswaki unaosuguliwa kwa nguvu, mkaa, mchanga, au pini ambayo fundi cherehani huibana kwa meno miaka nenda rudi. Mdomoni njia hizi huchanganyika, kwa sababu asidi hulainisha enameli, gamba gumu la nje la jino, kisha mswaki au jino la pili humalizia kazi. Kwa hiyo daktari haulizi tu "ni ipi kati ya tatu?" Anauliza "ni ipi inayoongoza?", kwa kuwa hiyo ndiyo ya kuzuia kwanza.

Floridi haimo kwenye orodha hiyo. Madoa ya floridi huingia wakati jino bado linajengwa ndani ya taya, yaani utotoni, kabla halijaota. Mtu mzima hawezi kuyapata upya. Ukiyatazama, yako sawasawa kulia na kushoto, yamekaa kama mistari au mawingu ya kulala kwenye uso wa jino. Enameli iliyoathirika sana huwa na vitundu ndani na huweza kumeguka baada ya jino kuota, na hapo floridi huwa imechangia kulifanya jino lilike upesi. Ila meno yaliyokuwa marefu ukiwa na miaka 25 na kuwa mafupi ukiwa na 36 hayakufupishwa na maji uliyokunywa ukiwa mtoto. Kuna kitu kinachoendelea sasa.

Hatua ya 1: Uliza siku nzima ilivyokwenda, usiulize "unakunywa soda?"

Ukimuuliza mtu kama anakunywa soda, atakuambia "mara moja moja". Mimi humwambia anisimulie siku yake ya kazi tangu anapoamka. Baba Neema alisimulia hivi: anaondoka Arusha alfajiri, akifika Makuyuni anafungua kopo la kwanza la enaji ili usingizi usimshike. Halimaliziki pale. Linakaa pembeni ya kiti, anapiga funda moja kila baada ya muda hadi Karatu. Mchana, wageni wakiwa kwenye mizunguko ya wanyama, ana chupa ya kola. Jioni, kopo la pili. Usiku anapiga mswaki kwa nguvu kwa sababu ya vumbi.

Makopo mawili na chupa moja si nyingi, ukihesabu chupa. Meno yanahesabu mafunda. Ukali wa asidi hupimwa kwa pH: kola ina pH ya karibu 2.5 na vinywaji vingi vya enaji viko kwenye 3 na kitu. Enameli huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya takribani 5.5. Na kila pH ikishuka kwa 1, asidi huwa imeongezeka mara kumi. Baada ya funda moja mate huanza kuisafisha asidi na kurudisha hali yake, lakini kazi hiyo huchukua dakika kadhaa. Funda jingine likija kabla mate hayajamaliza, saa inaanza upya. Dereva huyu alikuwa na asidi mdomoni kwa sehemu kubwa ya siku. Angeinywa chupa yote kwa dakika tano wakati wa chakula, madhara yangekuwa madogo zaidi.

Niseme hapa kuhusu vinywaji vya nyumbani, kwa sababu watu hudhani hatari iko dukani tu. Juisi ya ukwaju, rozela, pasheni, na yale maji ya ndimu ya asubuhi ambayo wengi wameyaanza ili wapungue mwili, yote yana asidi kali. Soda isiyo na sukari inapunguza kuoza, haipunguzi mmomonyoko. Mtindi, kinyume chake, ni mchachu lakini hauli meno, kwa kuwa umejaa kalsiamu na fosfati. Asidi iliyokwisha kushiba madini haina haja ya kuyachukua kwenye jino lako. Ndiyo maana uchachu wa ulimini peke yake haukutoshi kujua.

Kabla hujafunga maswali, uliza pia kuhusu tumbo: kiungulia, kucheua kuchungu usiku, kutapika kwa muda mrefu. Asidi ya tumboni ni kali kuliko ya soda nyingi, na mgonjwa hatakuambia usipomuuliza. Baba Neema hakuwa na lolote kati ya hayo. Mwishoni mwombe aandike kila anachokula na kunywa kwa siku nne, na saa yake, ikiwemo siku moja ya mapumziko.

Hatua ya 2: Kausha meno kabla ya kuyatazama

Hili ndilo linalorukwa zaidi, na likirukwa mmomonyoko wa mapema hauonekani. Mate hung'arisha kila kitu. Weka pamba, puliza hewa, kisha elekeza taa itokee ubavuni badala ya mbele. Jino la mbele lenye afya la mtu ambaye hajazeeka lina vistari vyembamba vya kulala, kama mawimbi madogo juu ya mchanga. Asidi huvifuta. Uso unabaki laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha tumika, kona zake zimeviringika. Mara nyingine uso hung'aa kama hariri. Mara nyingine, asidi ikiwa bado inafanya kazi kila siku, hufifia na kukosa mng'ao.

Kisha tazama pale jino linapokutana na ufizi. Kwenye mmomonyoko, mara nyingi utaona ukingo mwembamba wa enameli nzima uliobaki ukifuata ufizi, kama pindo la kanga. Majimaji yanayotoka kwenye ufizi na utando wa pale hupunguza makali ya asidi, basi kipande hicho hunusurika. Mswaki hauachi pindo hilo. Hapo ndipo unapopenda kula.

Baba Neema alikuwa na pindo hilo kwenye meno yote manne ya mbele ya juu. Na kulikuwa na jambo lililonigusa: kahawia yake ya utotoni, iliyobaki wazi kwenye meno ya chini, kwa juu ilikuwa imefifia sana. Alidhani meno yanatakata. Tabaka la nje lililobeba rangi lilikuwa limeondoka, na rangi ya manjano iliyokuwa ikijitokeza chini yake ilikuwa dentini, tabaka la ndani la jino.

Hatua ya 3: Mng'atishe kwenye karatasi ya rangi

Hapa ndipo mmomonyoko na kusagana vinapoachana, na ni kipimo kisichohitaji mashine. Tunatumia karatasi nyembamba ya bluu. Mgonjwa anang'ata, kisha anasaga taya kulia na kushoto. Popote jino linapogusana na mwenzake, alama ya bluu inabaki.

Jino lililolika kwa kusagana lina sehemu bapa, inayong'aa, yenye kingo kali kana kwamba imepitishwa msasa. Enameli na dentini ziko usawa mmoja. Ukimwambia mgonjwa asogeze taya, sehemu ile bapa ya juu italala juu ya sehemu bapa ya chini zikatoshana kama kifuniko na sufuria. Alama ya bluu itajaa sehemu yote.

Mmomonyoko kwenye gego huchimba badala ya kusawazisha. Vilele vya gego vinageuka kuwa vishimo vya mviringo, kama vikombe vidogo. Sababu ni kwamba enameli ya kileleni ikishatoboka, dentini iliyo chini ni laini zaidi na huondoka haraka kuliko enameli inayoizunguka. Mng'atishe: bluu itashika kwenye ukingo wa kikombe, ndani kutabaki safi. Jino la juu halikuwahi kufika humo, kwa hiyo halikuchimba shimo hilo.

Magego makubwa ya kwanza ya chini ya Baba Neema yalikuwa na vikombe viwili kila upande, vyote safi ndani. Sehemu bapa zilikuwepo kwenye chonge zake, lakini ndogo, za kawaida kwa umri wake. Nilimuuliza kama mkewe humsikia akisaga meno usingizini. Alimpigia simu palepale. Hapana.

Hatua ya 4: Tafuta filingi ya zamani

Mgonjwa aliyewahi kuzibwa jino amekuwekea kipimo mdomoni bila kujua. Asidi huyeyusha jino, haiwezi kuyeyusha filingi ya rangi ya fedha wala ya rangi ya jino kwa kasi hiyo. Kwa hiyo jino linashuka na filingi inabaki imesimama kama jiwe lililobaki baada ya mvua kuchukua udongo. Kwenye kusagana, filingi na jino hulika pamoja, usawa mmoja.

Nilijifunza hili kwa kosa langu. Nikiwa bado mgeni kazini, kwenye kliniki niliyokuwa wakati huo, niliona vikombe vya manjano kwenye magego ya msichana mmoja, nikadhani vimeoza, nikaviziba vyote bila kuuliza anakunywa nini. Aliporudi miaka miwili baadaye filingi zangu zilikuwa zimesimama juu ya meno yake. Meno hayakuwa yameoza kamwe. Nilikuwa nimeziba alama na kuacha chanzo kiendelee, naye alikuwa amepoteza miaka miwili ya enameli. Tangu hapo, kabla sijagusa kikombe chochote, napitisha chuma cha kupimia taratibu ndani yake. Kilichooza huwa laini au kinanata, na huwa kimefunikwa na utando. Kikombe cha asidi ni kigumu na kisafi.

Baba Neema alikuwa na filingi moja ya fedha, gego la chini kushoto. Ilisimama juu ya jino karibu nusu milimita. Hapo sikuwa na shaka tena juu ya kinachoongoza.

Hatua ya 5: Shingo ya jino

Mkwaruzo wa mswaki hupenda shingo, pale jino linapoingia kwenye ufizi, na hasa kwenye chonge na magego madogo yanayotokeza nje ya mstari. Alama yake ni mkato wenye kona, kama shina lililopigwa panga mara moja: kina chake mara nyingi ni kikubwa kuliko upana wake. Mmomonyoko kwenye uso wa nje hufanya kinyume, hutanda kwa upana bila kuzama, na huanzia mbali kidogo na shingo, kuelekea ncha ya jino. Anayeshika mswaki kwa mkono wa kulia mara nyingi huumia zaidi upande wa kushoto. Wapo madaktari wanaosema baadhi ya mikato hii hutokana na jino kupinda kidogo mtu anapong'ata kwa nguvu. Hoja hiyo bado inabishaniwa, nami siitumii kufanya uamuzi.

Baba Neema alikuwa na mikato miwili midogo, chonge na gego dogo la juu kushoto. Anatumia mkono wa kulia, mswaki mgumu.

Hatua ya 6: Angalia asidi ilipita upande gani

Sura ya jumla inaeleza chanzo. Kinywaji hugonga uso wa nje wa meno ya mbele ya juu na vilele vya magego ya chini. Asidi inayopanda kutoka tumboni hula upande wa ndani wa meno ya mbele ya juu, upande wa kaakaa, na meno ya mbele ya chini husalimika kwa sababu ulimi umeyafunika na mate yanatoka jirani. Ukikuta sehemu za ndani za juu zimelainika na mtu anaapa hanywi soda, usimwite mwongo. Mpeleke kwa daktari wa tumbo, na kama ni kijana anayejitapisha, ongea naye faraghani na kwa upole.

Hatua ya 7: Toa alama, kisha piga picha

Tunatumia kipimo cha mmomonyoko kiitwacho BEWE. Mdomo unagawanywa sehemu sita, na katika kila sehemu unaandika alama ya uso ulioharibika zaidi: 0 hakuna kitu, 1 uso umeanza kupoteza sura yake, 2 umepungua waziwazi lakini chini ya nusu ya eneo lake, 3 nusu au zaidi. Kisha unajumlisha. Kwa Baba Neema: magego ya juu kulia 2, mbele juu 3, magego ya juu kushoto 2, magego ya chini kushoto 2, mbele chini 1, magego ya chini kulia 2. Jumla 12. Jumla ya 9 hadi 13 ni hatari ya kati, na kuanzia 14 ni kubwa.

Kipimo hiki kina mpaka wake: kinakuambia kiasi kilichokwisha kupotea, hakikuambii kama hasara bado inaendelea. Mtu anaweza kuwa na 12 aliyoipata zamani na ikasimama. Ndiyo maana tunapiga picha kwa pembe ileile na kumwaga sampuli ya plasta ya meno, tukalinganisha baada ya miezi sita hadi 12.

Tulichofanya

Sikumwambia aache kila kitu siku hiyohiyo. Usingizi barabarani ni hatari ya kweli, na ushauri unaompokonya dereva kinachomkesha hautafuatwa. Tulibadili kinywaji: kahawa nyeusi kwenye chupa ya chai. pH yake ni karibu 5, iko mbali sana na enaji, na kwa mkoa unaolima kahawa haikuwa vigumu kuipata. Kola akiitaka, ainywe na chakula cha mchana, mara moja, bila kuizungusha mdomoni, kisha anywe maji. Kati ya milo, maji tu.

Mswaki laini, asubuhi kabla ya kifungua kinywa badala ya baada yake, na asipige mswaki mara tu baada ya kitu kichachu. Kungoja nusu saa, kama watu wanavyoshauriana, hakuirudishi enameli ilivyokuwa. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza idadi ya mafunda. Kuhusu dawa ya meno alinikatiza: "Dokta, mimi nimeharibiwa na floridi, nisiongezewe." Nasikia hivyo kila wiki, na wengine wameacha dawa ya meno kabisa kwa hofu hiyo. Nilimweleza kuwa meno yake yalishamaliza kujengwa, hayawezi tena kupata madoa, na kwamba floridi ya dawa ya kawaida, sehemu 1,450 kwa milioni, huyasaidia kupambana na asidi. Akitema povu asisukutue kwa maji mengi. Mtoto wake mdogo apewe kiasi cha punje ya mchele tu, na mzazi asimamie.

Ganzi tuliipunguza kwa kupaka vanishi ya floridi. Ncha za mbele sikuzijenga siku ile, ingawa alitaka. Filingi mpya juu ya jino linaloendelea kuyeyuka ingeishia kama zile za msichana yule.

Aliporudi baada ya miezi sita tuliweka sampuli mbili za plasta kandokando mezani na kupima filingi ya gego la kushoto. Ilikuwa palepale, karibu nusu milimita. Ukungu wa uso wa mbele ulikuwa umetoka, meno yanang'aa yakiwa makavu. Ndipo tulipopanga siku ya kumjengea ncha.